Kukadiria Idadi ya Punje Katika Gunia: Mwongozo wa Mradi wa Hisabati

Mradi huu unajibu swali moja: gunia lililojaa mahindi lina punje ngapi? Kwa kuwa hatuwezi kuzihesabu zote, tunahesabu chache, tunapima gunia zima, kisha tunakuza hesabu ndogo hadi ifikie ukubwa wa gunia. Hesabu yenyewe ya kugawanya na kuzidisha ni ya dakika mbili. Kazi nzito ni kuhakikisha kwamba punje chache zilizohesabiwa zinafanana kweli na zile ambazo hazikuhesabiwa, na kisha kueleza kwa haki jibu linaweza kukosea kwa kiasi gani. Mwongozo huu unatumia muda mwingi zaidi hapo, kwa sababu ndipo miradi mingi ya aina hii inapoharibikia.

Mahitaji si mengi: gunia la mahindi makavu, turubai safi, mizani ya kupimia vitu vizito, mizani ndogo ya kidijitali inayosoma hadi sehemu ya kumi ya gramu, chekecheke, rula, ndoo yenye alama za lita, kikombe cha kupimia cha nusu lita, daftari na kikokotoo. Mfano unaofuatwa hapa unahusu gunia lenye alama ya kilogramu 50. Vipimo vyake ni vya kuonyeshea njia, lakini vimewekwa katika viwango ambavyo mahindi ya kawaida huwa navyo.

Hatua ya kwanza: andika kisio kabla ya kupima

Kabla ya kufungua gunia, kila mshiriki aandike namba mbili: ile ambayo ana hakika kwamba idadi haiwezi kuwa chini yake, na ile ambayo ana hakika kwamba idadi haiwezi kuipita. Tuseme mmoja ameandika 10,000 na 1,000,000. Wengi hukimbilia kuzijumlisha namba hizo na kugawanya kwa mbili, wakapata 505,000, lakini jibu hilo linatawaliwa na namba kubwa peke yake. Hata ile ndogo ingekuwa 100 badala ya 10,000, jibu lisingebadilika kwa kiasi cha kuonekana. Njia inayofaa zaidi mipaka inapotofautiana kwa mara nyingi ni kuzidisha namba mbili hizo na kutafuta kipeuo cha pili cha zao lake. Hapa tunapata kipeuo cha pili cha 10,000,000,000, yaani 100,000, namba ambayo ni mara kumi ya mpaka wa chini na pia ni sehemu ya kumi ya mpaka wa juu.

Kisio hili litunzwe katika daftari bila kufutwa. Baadaye, kipimo kikitoa jibu la punje 15,000 au 1,500,000, ndilo litakalokufanya ushtuke na kurudi kutafuta sifuri iliyopotea au gramu iliyosomwa kama kilogramu.

Hatua ya pili: pima uzito wa gunia zima

Alama iliyochapishwa kwenye gunia si kipimo. Pima gunia lenyewe, kisha, baada ya kulimwaga, pima gunia tupu na uondoe uzito wake. Katika mfano wetu gunia lililojaa lina kilogramu 50.1 na gunia tupu lina gramu 100, kwa hiyo vilivyomo ndani vina kilogramu 50.0.

Mizani yenyewe ichunguzwe kwanza. Njia rahisi ni kutumia maji, kwa kuwa lita moja ya maji ina uzito wa karibu kilogramu moja: pima dumu tupu, litie lita 20 za maji zilizopimwa kwa uangalifu, kisha angalia kama mizani imeongezeka kwa kilogramu 20. Ikiwa inasoma 19.6 au 20.4, una kosa la asilimia 2 ambalo litaingia moja kwa moja katika jibu la mwisho, na hakuna wingi wa punje utakazohesabu utakaoliondoa. Kama mizani iliyopo ni ya kupimia watu, ni afadhali kuyamimina mahindi katika ndoo kadhaa na kupima kila ndoo peke yake kuliko kumpima mtu akiwa amebeba gunia kisha kumwondoa mtu, kwa sababu mbebaji huyumba na usomaji huyumba naye.

Hatua ya tatu: pata sampuli isiyopendelea

Hii ndiyo hatua inayoamua kila kitu. Jambo la kawaida ni kufungua mdomo wa gunia, kuchota kiganja kimoja na kuanza kuhesabu. Tatizo ni kwamba gunia halifanani juu na chini. Mahindi yanapomiminwa na kutikiswa njiani, punje ndogo, vipande vilivyovunjika na vumbi hupenya katika nafasi zilizo kati ya punje kubwa na kushuka, huku punje kubwa zikibaki juu. Kiganja cha juu kwa hiyo kina punje kubwa kuliko wastani wa gunia. Vidole navyo vina upendeleo wao: mtu anayeokota punje moja moja huishika iliyo nono na nzima kabla ya ile iliyosinyaa, hata kama hakukusudia.

Dawa ya hali hii ni kugawa rundo kwa robo. Mwaga gunia lote juu ya turubai na ulichanganye kwa koleo safi, ukichota kutoka pembeni na kumwaga katikati hadi upate rundo lenye umbo la pia. Kila koleo limwagwe kwenye ncha ya rundo, ili mahindi yateremke sawasawa kila upande. Kisha libonyeze rundo liwe bapa kama chapati nene, na uligawe kwa misitari miwili inayopitana katikati ili upate robo nne. Ondoa robo mbili zinazotazamana, pamoja na vumbi lote lililobaki chini yake, kisha changanya robo mbili zilizosalia na urudie. Sehemu ya kufagia vumbi huonekana kama usafi tu, lakini ukiiacha, vumbi la robo zilizoondolewa litabaki katika sampuli na kuifanya ionekane chafu kuliko gunia.

Kila mzunguko unapunguza rundo kwa nusu. Baada ya mizunguko mitano, kilogramu 50 zinakuwa karibu kilogramu 1.56, kwa kuwa 50 ikigawanywa kwa 32 ni 1.5625. Kiasi hiki ndicho sampuli yetu. Rundo lililoondolewa lisirudishwe katika gunia bado, kwa sababu litahitajika katika hatua ya kuhakiki.

Hatua ya nne: tenga takataka

Gunia lina vitu vingine zaidi ya punje: vumbi, maganda, vipande vya gunzi, pengine na vijiwe. Vyote vimepimwa pamoja na mahindi, ilhali hakuna anayetaka kuvihesabu kama punje. Chekecha sampuli, okota kilichobaki kisicho punje, na upime takataka hizo. Katika mfano wetu, sampuli ya gramu 1,560 ilitoa gramu 28 za takataka, ambazo ni karibu asilimia 1.8. Kwa hiyo asilimia 98.2 ya gunia ni punje, yaani 50.0 × 0.982, sawa na kilogramu 49.1.

Hapa linazuka swali la punje zilizovunjika, nalo lijibiwe kabla ya kuanza kuhesabu, si katikati ya kazi. Kanuni inayofaa ni ile inayotumika katika maabara za mbegu: kipande kinachozidi nusu ya punje kinahesabiwa kama punje moja, na kisichozidi nusu kinawekwa kwenye takataka. Kanuni yoyote nyingine inayoeleweka ingeweza kufaa, mradi iandikwe na ifuatwe na kila anayehesabu. Watu wawili wanaohesabu kwa kanuni mbili tofauti watatoa matokeo yanayotofautiana, na hakuna atakayejua tofauti hiyo imetoka kwenye mahindi au kwa wahesabuji.

Hatua ya tano: hesabu makundi manane ya punje mia moja

Punje safi zilizobaki, karibu gramu 1,532, zigawe tena kwa robo mara mbili, ili ubaki na takriban gramu 383, ambazo ni zaidi kidogo ya punje elfu moja. Zitandaze katika mstari mpana juu ya meza. Anzia mwisho mmoja wa mstari na uzisogeze kwa rula tano tano, ukichukua kila punje inayofuata bila kuruka hata moja, hadi zifike 100. Weka kundi hilo katika kikombe chenye namba, kisha endelea mpaka upate makundi manane. Zinazobaki ziache. Mtu wa pili ahesabu kila kundi upya kabla ya kulipima, kwa sababu kukosea punje moja katika mia ni kosa la asilimia moja, na asilimia moja ya gunia hili ni zaidi ya punje elfu moja.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini tusihesabu punje 800 kwa mkupuo na kuzipima mara moja. Wastani ungekuwa uleule, lakini tungepoteza habari muhimu kuliko wastani, yaani makundi yanatofautiana kwa kiasi gani. Utaratibu wa makundi manane ya mbegu mia moja umo katika kanuni za Chama cha Kimataifa cha Upimaji wa Mbegu, ISTA, na sababu yake ndiyo hiyo.

Haya ni matokeo ya mfano wetu, kwa gramu:

31.2, 32.6, 30.8, 33.1, 31.9, 32.4, 30.5, 33.5

Jumla yake ni 256.0, na ukigawanya kwa 8 unapata wastani wa gramu 32.0 kwa kila punje mia moja. Punje moja basi ina wastani wa gramu 0.320.

Kama mizani yako husoma gramu nzima tu, usitumie makundi ya mia moja. Mizani ikisema 32, ukweli unaweza kuwa popote kati ya 31.5 na 32.5, na hilo peke yake ni kosa la karibu asilimia 1.6. Gawa punje safi mara moja badala ya mbili, kisha fanya makundi manane ya punje 250. Kila kundi litakuwa na karibu gramu 80, na kosa la nusu gramu litashuka hadi asilimia 0.6. Kuhesabu kutachukua muda mrefu zaidi, lakini ni afadhali kuliko kuandika desimali ambazo mizani haikuziona.

Jambo jingine la kuangalia ni unyevu. Sampuli na gunia vipimwe siku moja. Sampuli iliyoachwa mezani kwa wiki nzima hukauka, punje zake huwa nyepesi, na kadirio hupanda bila punje hata moja kuongezeka. Mahindi yanayoshuka kutoka unyevu wa asilimia 14 hadi 12 hupoteza zaidi ya asilimia 2 ya uzito wake, kiasi ambacho kinakaribia kosa zima tutakalolikubali hapa chini.

Hatua ya sita: kokotoa kadirio na upana wake

Kadirio lenyewe ni rahisi. Kilogramu 49.1 ni gramu 49,100, na 49,100 ÷ 0.320 ni 153,437.5. Namba hii isiandikwe hivyo katika ripoti, kwa sababu nusu punje hiyo na zile 437 hazina msingi wowote. Ili kujua tarakimu zipi zina msingi, tunarudi kwenye yale makundi manane.

Toa wastani wa 32.0 kutoka kila kipimo, ziinue tofauti hizo kwenye kipeo cha pili, kisha uzijumlishe. Tofauti ni -0.8, 0.6, -1.2, 1.1, -0.1, 0.4, -1.5 na 1.5; vipeo vyake vya pili vinajumlika kuwa 8.32. Gawanya kwa 7, ambayo ni idadi ya makundi ukipunguza moja, upate karibu 1.19, na kipeuo cha pili chake ni 1.09. Huu ndio mkengeuko sanifu, nao unasema kwamba kundi moja la punje mia moja kwa kawaida hutofautiana na wastani kwa gramu moja hivi. Ukiugawanya kwa wastani, 1.09 ÷ 32.0, unapata asilimia 3.4. Kanuni za ISTA huruhusu hadi asilimia 4 kwa mbegu laini zisizo na makapi. Ikizidi hapo, makundi yanatofautiana mno na kazi ya kuhesabu hurudiwa. Wetu umepita, ingawa si kwa mbali.

Wastani wa makundi manane ni thabiti zaidi kuliko kundi moja. Kosa lake tunalipata kwa kugawanya 1.09 kwa kipeuo cha pili cha 8, ambacho ni 2.83, na jibu ni karibu gramu 0.39. Ili kupata upana ambao tunaweza kuutegemea mara 95 katika 100, kosa hilo huzidishwa kwa takriban 2.4 makundi yanapokuwa manane. Yakiwa mengi, kizidisho hushuka kuelekea 2. Tunapata gramu 0.92, ambayo ni karibu asilimia 3 ya wastani. Kosa la mizani kubwa, tuseme gramu 200 katika kilogramu 50, ni asilimia 0.4 tu na halibadilishi chochote cha maana likichanganywa na hizo 3.

Asilimia 3 ya 153,000 ni karibu 4,600. Jibu la mradi ni punje zipatazo 153,000, kati ya 149,000 na 158,000.

Mtu asiyeridhika na upana huo atataka kuupunguza kwa nusu, na hapo anakutana na gharama isiyokwepeka: kosa hupungua kwa kipeuo cha pili cha idadi ya makundi, kwa hiyo kulipunguza kwa nusu kunadai makundi takriban mara nne zaidi. Punje 800 zinakuwa 3,200. Kwa maoni yangu, kwa mradi wa darasani juhudi hiyo ni bora ielekezwe kwenye kuchanganya rundo vizuri zaidi, na sababu yake inaonekana katika hatua inayofuata.

Hatua ya saba: tafuta kosa ambalo hesabu haikuliona

Upana tulioukokotoa unaeleza tofauti za bahati kati ya makundi yaliyotoka katika sampuli moja. Hauelezi chochote kuhusu sampuli yenyewe. Tuseme tungechota punje zote kutoka mdomo wa gunia, zikawa na wastani wa gramu 34.4 kwa kila mia moja. Makundi manane yangefanana vizuri, mkengeuko ungekuwa mdogo, na hesabu ingetoa 49,100 ÷ 0.344, yaani karibu punje 142,700. Jibu hilo lingekuja na upana wake mwembamba na wa kupendeza, nalo lingekuwa limepungukiwa na punje zaidi ya elfu kumi. Hakuna chochote ndani ya hesabu kingetoa onyo.

Onyo linaweza kutoka nje tu, kwa njia ya pili isiyotegemea vipimo vya njia ya kwanza. Njia inayofaa hapa ni ya ujazo, isiyotumia mizani kabisa. Rudisha mahindi yote pamoja isipokuwa sampuli iliyokwisha kuhesabiwa, yachanganye, kisha upime ujazo wake kwa ndoo yenye alama za lita, ukiongeza mwishoni ujazo wa ile sampuli. Baada ya hapo jaza kikombe cha nusu lita kutoka sehemu tatu tofauti za rundo na uhesabu punje zote zilizomo. Katika mfano wetu vikombe vilikuwa na punje 1,148, 1,171 na 1,160, wastani wa karibu 1,160, yaani takriban 2,320 kwa lita. Gunia zima lilijaza lita 67.5, na 67.5 × 2,320 ni 156,600.

Tofauti kati ya 153,000 na 156,600 ni kama asilimia 2, nayo imo ndani ya upana tulioutaja. Njia mbili zimekubaliana, na hilo lina thamani kuliko tarakimu ya ziada katika yoyote kati yake. Zingepishana kwa asilimia 10, tusingechukua wastani wa majibu mawili na kuendelea. Tungetafuta ni ipi imekosea.

Njia ya ujazo ina mtego mmoja unaohitaji kuonwa kwa macho. Jaza kikombe kwa kumimina polepole, ukisawazishe kwa rula, kisha ukigonge mara kadhaa juu ya meza: mahindi yatashuka chini ya ukingo na nafasi itabaki juu, ingawa hakuna punje iliyotoka. Ukigonga kikombe lakini hukugonga ndoo, utapata punje nyingi kwa kila lita kuliko zilivyo katika ndoo, na kadirio litapanda. Mimina kutoka urefu uleule na kwa mwendo uleule katika vyombo vyote viwili, na usiguse chombo kilichojaa.

Wako watakaopendekeza njia ya kutia alama: paka rangi punje 1,000, zichanganye katika gunia, chota punje 3,000 na uone ngapi zina rangi. Njia hii ni nzuri kwa samaki wa ziwani, ambao huwezi kuwapima kwa ndoo, na uwiano wake ni wa kuvutia kwa mwanafunzi: ikiwa punje 20 kati ya zilizochotwa zina rangi, basi sehemu 20 kati ya 3,000 ni sawa na 1,000 kati ya idadi yote, yaani 150,000. Lakini namba 20 yenyewe ni ya bahati na huyumba kwa karibu kipeuo chake cha pili, yaani 4 au 5. Ingekuwa 16, jibu lingekuwa 187,500. Ingekuwa 24, jibu lingekuwa 125,000. Kwa gunia, njia hiyo ni dhaifu mno kuhakiki kitu ambacho tumekipima kwa asilimia 3.

Hatua ya nane: hamishia njia kwenye umati

Kikundi kilichomaliza gunia kinaweza kutumia fikra ileile kukadiria umati uliopigwa picha kutoka juu, ila kuna tofauti moja kubwa: umati hauchanganyiki. Huwezi kuwamwaga watu juu ya turubai na kuwagawa kwa robo. Watu husongamana karibu na jukwaa na kutawanyika pembeni, kwa hiyo badala ya kuufanya umati ufanane, tunaugawa katika kanda ambazo ndani yake watu wamesimama kwa msongamano unaofanana, kisha kila ukanda unahesabiwa peke yake.

Njia hii inahusishwa na Herbert Jacobs, mwandishi wa habari aliyefundisha katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Katika miaka ya 1960 aliweza kuona mikusanyiko ya wanafunzi kwenye uwanja uliosakafiwa kwa miraba inayojirudia, akahesabu watu katika baadhi ya miraba na kuzidisha. Kanuni yake ya kidole gumba, ikibadilishwa kuwa mita, ni karibu mtu mmoja kwa mita ya mraba umati ukiwa umelegea, na zaidi kidogo ya watu wawili ukiwa umebanana.

Chukua uwanja wenye mita za mraba 4,500 zilizokaliwa na watu. Ukanda wa mbele una mita za mraba 600, na miraba kadhaa iliyohesabiwa ndani yake inatoa wastani wa watu 3.2 kwa mita ya mraba, yaani watu 1,920. Ukanda wa kati una mita 1,500 na wastani wa 1.4, yaani watu 2,100. Ukanda wa nyuma una mita 2,400 na wastani wa 0.4, yaani watu 960. Jumla ni 4,980, ambayo tunaiandika kama watu 5,000 hivi. Mtu aliyesimama mbele, akahesabu watu waliomzunguka na kuzidisha 3.2 kwa uwanja wote, angetangaza watu 14,400. Ni kosa lilelile la kiganja kilichotoka mdomoni mwa gunia, safari hii likiwa limekuza jibu karibu mara tatu.

Miraba ya kuhesabu ichaguliwe kwa kura. Chora gridi juu ya picha, zipe namba seli za kila ukanda, kisha chagua kwa vikaratasi. Jicho likiachiwa lichague litavutwa na mahali penye watu wengi. Ondoa pia eneo lisiloweza kusimamiwa, kama vile jukwaa, miti na magari. Na wastani wowote unaozidi watu 5 kwa mita ya mraba katika ukanda mpana utiliwe shaka mara moja: kufikia hapo watu wamebanana kiasi cha kuhatarisha maisha, na mara nyingi maana yake ni kwamba eneo la ukanda limepimwa dogo kuliko lilivyo.

Hatimaye, picha moja huhesabu watu waliokuwepo dakika ilipopigwa. Wanaofika mapema wakaondoka, na wanaoingia baadaye, hawamo. Swali likiwa ni wangapi walipita uwanjani siku nzima, kunahitajika mtu wa kuhesabu wanaoingia kila lango kwa vipindi, kwa mfano dakika tano katika kila nusu saa, na vipindi hivyo navyo visipangwe vyote katika saa ambazo msururu ni mrefu.